Haradali Ipi? Kuitaja Rangi Hadi Asiyeiona Aipate

Manjano ndiyo rangi inayonitoa jasho kuliko zote ninapoiandika. Nyekundu ukiitia giza inabaki nyekundu, ya damu iliyoganda labda, lakini hakuna atakayebisha kwamba ni nyekundu. Bluu ukiipunguzia mwanga unapata bluu ya usiku, na bado ni bluu. Manjano haina uvumilivu huo. Ipunguzie mwanga kidogo tu inaanza kunyemelea kijani, ipunguzie zaidi inakuwa rangi ya zeituni. Aliyewahi kudondosha rangi nyeusi kwenye kopo la manjano akitarajia kupata manjano nzito anajua kilichomkuta: kijani chafu ambacho hakukiomba. Kwa hiyo mtu akiniandikia kwamba anatafuta kitambaa cha "manjano iliyokolea", bado hajaniambia kitu. Inaweza kuwa dhahabu, inaweza kuwa zeituni, inaweza kuwa ganda la limau lililopigwa jua kali.

Naandika maelezo ya vitambaa kwa watu wanaovinunua bila kuvishika. Picha ipo, lakini picha ya rangi huwa na uongo wake, nitaufikia baadaye. Maneno ndiyo yanayomfanya mtu aagize au aache, na maneno hayohayo ndiyo yatakayonigeukia kitambaa kikirudishwa kwa sababu "siyo rangi niliyoitegemea". Kwa hiyo naona haradali si jina la mapambo. Ni jina la kazi, na linafanya kazi ambayo "manjano" haiwezi.

Tuanze na kwa nini linahitajika. Kila rangi kwenye skrini hujengwa kwa taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila taa hupewa nguvu kuanzia 0 hadi 255. Manjano safi ni nyekundu 255, kijani 255, bluu 0. Ukizipunguza zote kwa nusu, ukaacha 128 na 128 na 0, huoni manjano ya giza. Unaona zeituni. Rangi hiyo imo katika orodha ya majina kumi na sita yaliyowekwa kwenye kanuni za HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao, mwaka 1997, na jina lake huko ni `olive`, yaani zeituni yenyewe. Sasa chukua haradali ya wastani, kwa mfano nyekundu 201, kijani 154, bluu 30. Angalia kilichofanyika: taa ya kijani imepunguzwa zaidi kuliko ile ya nyekundu. Rangi imesogezwa kwanza kuelekea chungwa, ndipo ikapunguziwa mwanga. Kwenye gurudumu la rangi la nyuzi 360, ambapo nyekundu iko 0 na manjano safi iko 60, haradali hiyo inaangukia kwenye 43 na ushee. Iko karibu zaidi na chungwa kuliko watu wanavyodhani, na huko kuegemea chungwa ndiko kunakoiokoa isiwe kijani inapotiwa giza.

Neno moja limebeba hatua tatu: ni ya ukoo wa manjano, imeegemea chungwa, imepunguziwa mwanga na ukali. Jaribu kuyaeleza hayo kwa "manjano", "nzito" na "kiasi", utaona jinsi msomaji anavyopotea njiani. Tena "iliyokolea" ina matata yake, kwa sababu wengine wakisema rangi imekolea wana maana imekuwa na giza, wengine wana maana ni kali na imeshika vizuri. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Chungwa kali limekolea bila giza lolote. Maji ya matope yana giza bila kukolea.

Mchoraji na mwalimu wa Kimarekani Albert Munsell aliyatenganisha mambo haya rasmi mwaka 1905, alipopendekeza kwamba kila rangi ipimwe kwa vipimo vitatu: ni ya ukoo gani, ina mwanga kiasi gani kati ya nyeusi na nyeupe, na ina ukali kiasi gani kabla ya kufifia na kuwa kijivu. Nimeona mifumo mingi ya rangi tangu nianze kazi hii, na kwangu bado huu ndio unaoweza kutumiwa na mtu asiye na kifaa chochote, kwa maswali matatu tu ya mdomo. Nitaonyesha jinsi ninavyoyauliza.

Lakini kwanza haradali ipi? Hapa ndipo waandishi wengi wa maelezo ya rangi wanapojikwaa. Wanachagua kitu kizuri, wanakitaja, wanakwenda zao. Ua la mharadali ni la manjano angavu, karibu na limau. Mbegu zake ziko za aina tatu zinazojulikana zaidi: za manjano iliyopauka, za kahawia, na nyeusi. Zikisagwa, ungaunga wake ni manjano hafifu yenye vumbi ndani yake. Halafu kuna rojo la kwenye chupa, lile linalong'aa kiasi cha kuumiza macho. Mng'ao ule kwa kawaida unatoka kwenye binzari inayotiwa humo, mbegu yenyewe haina ubavu huo. Na kuna rojo la mbegu zilizopondwa nusunusu, ambalo ni manjano ya kahawia na lina madoa. Jina moja, rangi nne au tano, na umbali kati ya ua na rojo la madoa ni mkubwa kuliko umbali kati ya bluu mbili ambazo mnunuzi angezirudisha dukani.

Wanamitindo wanaposema rangi ya haradali, au mastadi kama mafundi wengi wanavyoiita, karibu siku zote wanakusudia ile iliyo kati ya rojo linalong'aa na rojo la madoa: yenye joto, isiyong'aa, yenye kahawia kidogo. Mimi siliachi suala hilo hewani. Naandika "haradali ya mbegu iliyopondwa, si ya ua", na maneno hayo matatu ya mwisho yananisaidia kuliko sifa yoyote ambayo ningeongeza. Kukanusha ni zana nzuri sana katika kueleza rangi. Msomaji akishajua ukoo, kumwambia rangi *siyo* ipi kunamfungia milango ambayo angeingia kwa makosa. "Si dhahabu" inamwambia hakuna mng'ao wa madini. "Si limau" inamwambia hakuna kijani wala ubaridi. Kilichobaki ni uwanja mdogo.

Kitu cha kulinganishia lazima kiwe na rangi inayotulia, na lazima mimi na msomaji tukijue sote wawili. Kiini cha yai, kwa mfano, kinapendwa sana na waandishi, nami nimeacha kukitumia. Rangi yake hutegemea kuku amekula nini. Huanzia manjano iliyopauka hadi chungwa. Majivu hutegemea yametokana na nini na yameungua kiasi gani. Anga sitaki hata kuizungumzia. Shaba ni nzuri ukisema ni shaba iliyosuguliwa, maana ikiachwa nje miaka mingi inaota utando wa kijani, na utando huo nao ni rangi nzuri ya kutajia, mradi useme ni wa shaba kuukuu. Kutu ya chuma ni mwaminifu kiasi. Udongo wa tofali uko katikati: watu wote wanajua ni nyekundu ya kahawia, ila tofali la kila mmoja limeungua kivyake.

Wataalamu wa maumbile waliligundua tatizo hili zamani, wakalitafutia dawa ambayo bado naiona ya busara. Mjerumani Abraham Gottlob Werner, mtaalamu wa madini, alikuwa ametunga majina ya rangi za kuelezea mawe. Mchoraji wa maua wa Uskoti, Patrick Syme, akayapanua na mwaka 1814 akachapisha kitabu kidogo chenye zaidi ya rangi mia moja. Kila rangi ilikuwa na kipande kilichopakwa, jina, na kando yake mifano ya mahali inapopatikana: kwenye mnyama, kwenye mmea na kwenye jiwe. Bluu ya Prusia, kwa mfano, imeelezwa kwa doa la kwenye bawa la bata dume, kwa nyuzi za katikati ya ua la anemoni, na kwa mawe ya madini ya shaba ya bluu.

Mifano mitatu ya namna hiyo ina kazi ambayo mmoja hauiwezi. Doa la bawa la bata linametameta na hubadilika ukiligeuza, ua hunyauka, jiwe huwa na aina nyingi. Kila mmoja una kasoro yake, lakini kasoro hizo haziendi upande mmoja. Mahali mifano mitatu inapokutana ndipo rangi ilipo. Charles Darwin alikuwa na kitabu hicho katika safari yake ya meli ya Beagle iliyoanza mwaka 1831, na alipomtazama pweza akijibadilisha rangi katika visiwa vya Kepuvede, aliandika kwamba mawingu ya rangi yaliyokuwa yakipita mwilini mwake yalikuwa kati ya nyekundu ya hiasinti na kahawia ya chesinati, akaeleza kwamba majina hayo ameyatoa kwa Syme. Fikiria hilo kidogo. Pweza habaki na rangi moja hata dakika, na kamera ya rangi haikuwepo, lakini msomaji aliyekuwa na kitabu hicho angeweza kufungua kurasa mbili na kuona mwanzo na mwisho wa mabadiliko yale.

Nimejifunza kuiba hila hiyo, kwa kiasi. Sitaji vitu vitatu, msomaji angechoka. Nataja viwili vya jamii tofauti, na kwa kawaida kimoja ndicho kinabeba jina na kingine kinarekebisha. "Haradali ya mbegu iliyopondwa, yenye wekundu kidogo wa kutu." Ukisoma hivyo, tayari umeshajua kitambaa kimeelekea wapi.

Sasa twende kwenye rangi ngumu zaidi, ile iliyo kati ya bluu na kijani ambayo watu wa mitindo huiita tili. Jina limetoka kwa bata mdogo ambaye dume lake lina utepe wa kijani unaopita jichoni. Utepe huo unametameta, kwa hiyo kwa sheria zangu mwenyewe ni kitu kibaya cha kulinganishia! Lakini matumizi ya watu yameutuliza: leo anayesema tili hamfikirii bata hata kidogo, anaifikiria rangi. Kwenye orodha ileile ya majina kumi na sita ya HTML, `teal` ni `#008080`, yaani hakuna nyekundu, na kijani na bluu zimelingana kwenye 128. Ni ndugu wa zeituni: zeituni ni manjano safi iliyokatwa nusu, na tili ni samawati angavu iliyokatwa nusu.

Mama mmoja aliniandikia kuhusu mito ya kiti. Kiti chake kilikuwa cha haradali, alikuwa na mto mmoja wa zamani alioupenda, na alitaka kitambaa cha kutengeneza mingine iendane nao. Ujumbe wake wa kwanza ulisema hivi: "Dada, nataka bluu ya kukolea, lakini isiwe bluu bluu." Hilo ni ombi zuri kuliko linavyoonekana. "Isiwe bluu bluu" maana yake rangi imetoka kwenye kiini cha ukoo wake. Swali likabaki imetoka kwenda wapi: kwenye zambarau, kwenye kijivu, au kwenye kijani.

Picha aliyotuma haikunisaidia, na sikushangaa. Rangi za bluu-kijani kali ndizo skrini nyingi zinazoshindwa zaidi kuzionyesha. Mpangilio wa kawaida wa rangi za skrini, unaoitwa sRGB, umebana sana upande huo, kwa hiyo kitambaa chenye bluu-kijani kali kikipigwa picha huletwa kwenye rangi ya karibu inayowezekana, ambayo mara nyingi ni butu kuliko yenyewe. Juu ya hapo simu hujaribu kusawazisha mwanga kwa kubahatisha. Mto ukiwa juu ya kiti cha haradali kilichojaza nusu ya picha, simu inaweza kuamini kwamba taa ya chumbani ni ya manjano, ikasukuma picha nzima kwenye bluu ili kuirekebisha.

Nikamwomba aupeleke mto karibu na dirisha, mchana, nje ya jua la moja kwa moja, kisha tukaanza maswali matatu.

La kwanza lilikuwa la ukoo. Nilimwambia aweke jani bichi upande mmoja wa mto na suruali ya jinzi upande mwingine. Akajibu kwamba kando ya jani mto unaonekana bluu, na kando ya jinzi unaonekana kijani. Hiyo ndiyo alama ya tili. Rangi ya bluu kweli haigeuki kijani mbele ya jinzi, na kijani kweli hakigeuki bluu mbele ya jani. Rangi ya mpakani ndiyo inayokana kila jirani. Nikamuuliza, kama ni lazima uupeleke upande mmoja, utaupeleka wapi? "Bluu, ila kwa shingo upande." Nikaandika pembeni: katikati, umeegemea bluu kidogo.

Swali la pili lilikuwa la mwanga. Hapa watu hudanganywa na ukali. Rangi kali huonekana yenye mwanga kuliko ilivyo. Dawa yake ni kufinya macho mpaka vitu vipoteze umbo. Nilimwomba aweke mto kati ya kiatu cheusi na karatasi nyeupe, afinye macho, aniambie mto unataka kuyeyuka ndani ya kipi. "Kiatu, lakini haujafika." Kwa makadirio yangu hiyo ni kama theluthi moja kutoka kwenye nyeusi.

La tatu, ukali. Ndilo swali ambalo mtu akiulizwa moja kwa moja hujibu ovyo, kwa sababu kila mwenye kitu anaona rangi yake ni nzuri na kwa hiyo ni kali. Sikumuuliza kama rangi ni kali. Nilimuuliza, ukiuweka mto kando ya ukuta wa saruji, vinafanana udugu? Akasema hapana, saruji imekufa, mto uko hai. Basi hauna majivu ndani yake.

Kwenye rafu nilikuwa na vitambaa vitatu ambavyo kila kimoja kingeweza kuitwa "bluu ya kukolea isiyo bluu bluu". Kimoja kilikuwa tili ya kawaida, yenye mwanga wa wastani na kijani zaidi. Jibu la kwanza na la pili vikakiondoa. Cha pili kilikuwa na giza la kutosha lakini kilikuwa kimefifia, kama rangi ya bahari siku ya mawingu. Hicho kiliondolewa na saruji. Cha tatu kilikuwa mahameli, chenye giza, hai, bluu kwa shingo upande. Nikamwandikia kabla ya kumtumia kipande: "Tili nzito ya mahameli. Kando ya jani ni bluu, kando ya jinzi ni kijani. Giza lake ni la chupa nene ya kijani, lakini bila kijani cha chupa. Haina kijivu. Ukipapasa manyoya kwenda juu inaonekana nyeusi zaidi." Akajibu kwa sentensi moja, kwamba huo ndio mto wake.

Niliyasema ya manyoya kwa sababu mahameli ina rangi mbili, na hili huwashangaza wanaonunua kwa mara ya kwanza. Nyuzi zimesimama zikiegemea upande mmoja. Ukitazama ndani ya nyuzi, mwanga unamezwa na rangi inakuwa ya giza. Ukitazama mgongo wa nyuzi, mwanga unarudi na rangi inapauka. Vipande viwili vya mahameli moja vikishonwa kwa kupishana mwelekeo, mtu ataapa vimetoka kwenye mitambo miwili tofauti. Jina la rangi pekee haliwezi kukuokoa hapo.

Neno "nzito" kwenye jina hilo nililichagua kwa makusudi. Mwaka 1955 taasisi ya vipimo ya Marekani ya wakati huo, pamoja na baraza la wataalamu wa rangi, walichapisha mfumo wa majina 267 yaliyojengwa kwa maneno ya kawaida tu. Humo, rangi yenye giza na *yenye ukali* ina sifa yake, na rangi yenye giza lakini isiyo na ukali ina sifa nyingine. Ni tofauti ya kitambaa changu cha tatu na cha pili. Nimeichukua hivyohivyo: naandika "nzito" pale giza linapokuja na uhai, na "ya giza" pale rangi inapokuwa imezimika kidogo. "Iliyokolea" nimeiacha kabisa kwenye maelezo yangu, ingawa naipenda masikioni.

Je, watu wengine husikia hivyo wanapoambiwa tili nzito? Kuna ushahidi mzuri kuliko hisia zangu. Mwaka 2010 Randall Munroe, mchora katuni wa xkcd, aliwaomba wasomaji wake waandike majina ya rangi walizoonyeshwa kwenye skrini zao. Washiriki walizidi laki mbili, wakataja rangi zipatazo milioni tano, na kutokana na hizo ikatengenezwa orodha ya majina 954 yaliyotumiwa zaidi, kila moja na rangi yake. Tili ya kawaida ilitoka nyekundu 2, kijani 147, bluu 134. Tili nzito ilitoka nyekundu 0, kijani 85, bluu 90. Kilichonivutia hapo si giza peke yake, maana hilo lilitarajiwa. Angalia uwiano: kwenye tili ya kawaida kijani kinashinda, kwenye tili nzito bluu inashinda. Watu hao wote, bila kukubaliana, walipoongeza neno la uzito waliisogeza rangi pia kuelekea bluu. Kumbe yule mama na shingo yake upande hakuwa peke yake.

Haradali ya orodha hiyohiyo inatoa onyo, hata hivyo. Ilitoka nyekundu 206, kijani 179, bluu 1, ambayo kwenye gurudumu iko kwenye nyuzi 52, si 43. Ni ya kijani zaidi kuliko haradali ninayoiona kwenye vitambaa. Watu waliokaa mbele ya skrini na watu wanaopaka rangi pamba hawaiwazii rangi ileile kwa neno lilelile, na wote wako sahihi. Jina la rangi ni eneo, lina mipaka na lina katikati, na kati ya nyuzi 43 na 52 kuna nafasi ya mtu kukasirika. Ndiyo maana siandiki haradali peke yake.

Kuna majina ambayo siyaandiki hata nikilipwa, nayo ni yale ya kishairi yanayobandikwa kwenye makopo ya rangi: pumzi ya alfajiri, ndoto ya mwambao, na jamaa zao. Yanauza, sikatai. Ila jaribu kumsomea mtu jina hilo kisha mpe kitabu cha vipande vya rangi achague. Mimi hufanya jaribio hilo kwa maelezo yangu kabla sijayatoa: namsomea mtu ambaye hajakiona kitambaa, yeye anachagua kipande, nami nalinganisha. Akiangukia kipande chenyewe au cha jirani, maelezo yanapita. Akienda mbali, naangalia amekosea kwa kipimo kipi, maana kosa karibu kila mara huwa upande mmoja: amepata ukoo na mwanga, ukali ndio umemtoroka. Hapo narekebisha neno moja badala ya kuandika upya yote.

Jaribio hilo lazima lifanywe kwenye mwanga unaofahamika. Taa ya chumbani yenye joto, ile ya kelvini 2700, ina bluu kidogo sana ndani yake. Tili nzito chini ya taa hiyo hupoteza kile kinachoitofautisha, inakuwa kijani cheusi. Haradali nayo inajificha kwa njia yake: kila kitu cheupe chumbani kimeshakuwa cha manjano, kwa hiyo manjano yake haina cha kushindana nacho na inaonekana imepauka. Tena kuna vitambaa viwili vinavyofanana kabisa dirishani na vinavyoachana usiku, kwa sababu vimetiwa rangi kwa dawa tofauti ambazo kila moja inarudisha mwanga kivyake. Hilo maneno hayaligundui. Linagunduliwa kwa kuvitazama chini ya taa mbili.

Na maneno yana mwisho wake hata kwenye mwanga mzuri. Yananifikisha kwenye kipande sahihi au jirani yake, ambayo inatosha kwa mito juu ya kiti, kwa sababu mito na kiti havijifanyi kuwa kitu kimoja. Haitoshi pale nyuzi mpya zinaposhona mpasuko kwenye kitambaa kilekile, au mtu anapotaka kuziba doa katikati ya ukuta uliokwisha kupakwa. Jicho likiwa na rangi mbili zinazogusana bila pengo, linaona tofauti ambazo hakuna lugha iliyowahi kuzipa jina. Wanaoniomba kazi ya namna hiyo nawaambia wakate kipande chenye upana wa vidole viwili, kutoka sehemu iliyofichika ambayo haijapigwa na jua, wakiweke kwenye bahasha wakitume. Yule mama wa mito alipoomba uzi wa kufuma pindo la kiti chenyewe, nilimpa jibu hilohilo. Kipande kilipofika, haradali yake ilikuwa na kahawia zaidi ya ile niliyokuwa nimeiwazia.